Waya au alaina: hesabu ya saa kabla ya hesabu ya fedha

*Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma, nakaa Mwanga, nina miaka 34. Meno yangu ya mbele juu yamepishana, moja limejisokota, na ya chini yamebanana. Dar nimetajiwa milioni 3 kwa waya na milioni 6 na nusu kwa zile plastiki angavu, alaina. Safari moja ya Dar, kwenda, kulala na kurudi, hainitoki chini ya laki mbili na nusu. Kipi kitaninyoosha vizuri, na hiyo tofauti ya bei ina maana gani?*

Marahaba, Mwalimu.

Kabla ya bei nina swali langu. Meno hayo yalikuwa hivyo tangu ujana, au yameanza kusogea miaka hii ya karibuni? Tafuta picha ya kidato cha nne uliyopigwa ukicheka, usimame nayo mbele ya kioo. Kama meno ni yale yale, tunaweza kuendelea. Meno ya chini yakionekana yamebanana zaidi kidogo kuliko zamani, hilo pia lisikutishe, kwa kuwa watu wengi hubanana chini polepole kadiri umri unavyosogea. Lakini kama ya juu yalikuwa yamenyooka na sasa yanatoka nje au kuachana, basi kinachoyasogeza bado kiko kazini, na mara nyingi ni ugonjwa wa fizi. Ugaga umejificha chini ya fizi, mfupa unaoshika mizizi umeliwa, na jino limebaki kama nguzo ya uzio iliyochimbiwa juu juu. Jino la namna hiyo ukilifunga waya au ukalivalisha alaina, unalisogeza ndani ya mfupa unaoumwa, na mfupa unazidi kwisha.

Hilo halihitaji Dar. Daktari wa kinywa na meno hapo hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, au kliniki yoyote ya meno inayojiheshimu, atapima kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita. Akiingiza kijiti kati ya fizi na jino akapata milimita 1 hadi 3 bila damu, fizi ni nzima. Akipata 5 na damu ikachuruzika, tibu fizi kwanza. Mwombe pia akusafishe ugaga na kuziba matundu yaliyopo, maana hakuna daktari makini atakayekubandikia kitu juu ya jino lililooza.

Sasa tuje kwenye meno yenyewe. Watu hudhani waya na alaina ni njia mbili tofauti za kunyoosha jino. Kwa jino lenyewe hakuna tofauti. Jino halijapigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Limening'inizwa kwa nyuzi laini zinazolizunguka mzizi wote. Likisukumwa taratibu bila kukatiza, upande unaobanwa mfupa hulainika na kuondoka, upande ulioachwa wazi mfupa mpya hujengeka. Kazi hiyo ina mwendo wake, takriban milimita 1 kwa mwezi kwa mtu mzima, na haijali msukumo umetoka kwenye chuma au kwenye plastiki. Kwa hiyo anayekuambia alaina ni za haraka kuliko waya, huyo anauza. Tofauti ya kweli iko kwenye mambo mawili: nani analishika jino vizuri zaidi, na nani anashika zamu usiku na mchana.

Tuanze na kushika. Meno yaliyobanana ni kama wanafunzi watano kwenye benchi la wanne. Ama unarefusha benchi, ama kila mmoja anajibana kidogo, ama mmoja anasimama. Kinywani, kurefusha benchi ni kupanua upinde wa meno au kuyatoa mbele kidogo. Kujibana ni kusugua enameli pembeni mwa meno kwa msasa mwembamba sana. Na anayesimama ni jino linalong'olewa. Daktari hupima upana wa kila jino, akajumlisha, akalinganisha na nafasi iliyopo.

Tuseme kwako chini pamepungua milimita 4, ambayo kwa maelezo yako si kiasi cha ajabu. Kati ya meno sita ya mbele, kutoka chonge hadi chonge, kuna mahali patano ambapo jino linagusana na jirani yake. Kila mahali tukisugua milimita 0.4, yaani 0.2 kwa kila jino, tunapata milimita 2. Meno ya mbele yakitolewa nje milimita 1, upinde huongezeka kama milimita 2 nyingine, moja kulia na moja kushoto. Nne zimetimia, na hakuna jino lililong'olewa. Hapo waya na alaina zote zinaweza. Upungufu ukizidi milimita 8, hesabu hii haifungi tena. Mara nyingi litang'olewa jino, na kuburuta mizizi hadi kulifunga pengo lake ni kazi ambayo mimi kwa mtu anayekaa mbali siifanyi kwa plastiki.

Kuhusu kusugua, najua neno hilo linaogopesha. Enameli ikisuguliwa kwa kiasi hicho na kulainishwa haiozi zaidi ya nyingine, na hakuna maumivu kwa sababu enameli haina mshipa wa fahamu. Unachosikia ni kama mtu anapiga tupa. Kinachoogopesha kweli ni daktari anayesugua bila kupima, au anayekuambia atafanya meno yote yaonekane yamenyooka kwa kuyachonga na kuyavisha kofia. Jino zima lenye afya halichongwi kwa sababu limepinda.

Halafu kuna lile lililojisokota, na hapa ndipo ningependa kuona picha, kwa kuwa umbo la jino ndilo linaloamua. Jino la kwanza la mbele juu ni pana na bapa. Plastiki inalikamata vizuri, kama unavyogeuza ufunguo. Jino la pili, lililo kati ya hilo na chonge, ni dogo na linateleza. Ndilo linaloongoza kwa kubaki nyuma katika tiba za alaina. Chonge ni la mviringo, na kuligeuza kwa plastiki ni kama kufungua chupa ya mawese kwa mkono wenye mafuta. Ndiyo maana tunabandika juu ya meno hayo vinundu vidogo vya dawa ya kuzibia, vyenye rangi ya jino, ili plastiki ipate pa kushika. Wateja wengi hawaambiwi habari ya vinundu hadi siku ya kubandikwa, wanalalamika kwamba walinunua kitu kisichoonekana. Waya haina shida hiyo. Kibati kimegundishwa kwenye jino, waya imepita ndani ya kibati, jino halina pa kutelezea. Hata kulivuta jino lishuke, kazi ambayo plastiki huiweza kwa taabu, waya huifanya bila makuu.

Nakupa hesabu ya alaina ili ujue karatasi utakayopewa inasema nini. Kila kipande hupangwa kusogeza jino kama robo milimita, au kuligeuza kama nyuzi 2. Jino lako likiwa limejisokota nyuzi 30, hivyo ni vipande 15. Ukibadilisha kila baada ya siku 14, ni siku 210, miezi 7. Wapo wanaobadilisha kila siku 7 au 10. Mimi kwa mtu wa mbali napendelea 14, kwa sababu wiki ya pili inasamehe makosa ya wiki ya kwanza. Na baada ya vipande hivyo 15, tegemea raundi ya pili ya kurekebisha yaliyobaki. Kupangiwa raundi hiyo si dalili ya daktari mbaya. Ni kawaida ya kazi hii.

Miezi hiyo 7 lakini ina sharti, na sharti lenyewe ndilo zamu niliyoitaja: saa 22 kwa siku kinywani. Saa 2 tu nje, kwa kula na kupiga mswaki. Hili nimelijifunza kwa aibu, nikusimulie.

Nilikuwa na mteja mfanyabiashara wa Ujiji, miaka 41, muuza vitenge. Jino la pili juu kulia lilikuwa limerudi ndani nyuma ya wenzake. Fizi nzuri, fedha anayo, hataki vyuma mdomoni kwa sababu ya wateja wake. Nikamtengenezea alaina, vipande 16, vya kubadilisha kila siku 10. Tulikubaliana kila akibadilisha anitumie picha kwa WhatsApp. Alichokuwa ananitumia ni maneno: "Daktari, safi kabisa." Nami nikaridhika na maneno. Alipofika kipande cha 11 akanipigia kwamba kinamuuma na hakizami. Nikamwambia apige picha sasa hivi. Kwenye meno matano plastiki ilikuwa imekaa kama ngozi. Kwenye lile jino la pili, kati ya ncha ya jino na plastiki, palikuwa na uwazi wa kama milimita 1 na nusu, unaona hewa na mate yakicheza ndani. Vipande vilikuwa vimesonga mbele, jino limebaki kituoni.

Alipokuja tukakaa na kalamu. Chai ya asubuhi, dakika 40. Chakula cha mchana dukani, saa nzima, maana wateja wanakatiza. Saa kumi jioni barazani: kahawa, kashata, soga, hadi adhana ya magharibi, hapo zimeondoka saa 2 na nusu, kwa sababu kahawa ya baraza hainywewi kikombe kimoja. Chakula cha usiku na taarifa ya habari, karibu saa 2. Alikuwa anaiacha nje zaidi ya saa 6 kila siku, huku akiapa kwamba anaivaa "muda wote", na hakuwa anasema uongo. Alikuwa anaivaa muda wote aliokumbuka. Kwa saa 18, meno mapana yalikuwa yanafuata kwa shida. Lile dogo linaloteleza lilikuwa linasogezwa usiku na kurudi jioni.

Tulimrudisha kwenye kipande cha 6, cha mwisho kilichokuwa kinakaa sawasawa, akakivaa wiki mbili huku akiuma kipande laini cha mpira kila anapoivaa alaina ili izame. Haikutosha. Ikabidi nibandike vibati kwenye meno sita ya juu, waya miezi 4, ndipo jino likaingia kwenye mstari. Tiba niliyomwahidi chini ya miezi 6 ilichukua miezi 11. Kosa la kahawa lilikuwa lake. Kosa la kutouliza habari ya kahawa siku ya kwanza lilikuwa langu. Siku hizi nauliza ratiba ya kula kabla sijafungua kinywa cha mtu.

Basi nikuulize na wewe. Chai ya asubuhi nyumbani, chai ya saa nne shuleni, chakula cha mchana, kitu cha jioni, chakula cha usiku. Hizo ni mara tano. Kila mara unavua, unakula, unapiga mswaki au angalau unasukutua vizuri, unavaa. Dakika 30 kila moja ni saa 2 na nusu, na umeshapita. Mwenye alaina hadonoi karanga njiani wala hanywi chai akisahihisha madaftari. Chai ya moto ikipita juu ya plastiki huikunja umbo, na yenye sukari hubaki imefungiwa kati ya plastiki na jino kama maji kwenye dimbwi. Meno yanaoza ukiwa unayanyoosha. Maji ya kawaida peke yake ndiyo ruhusa. Wengine hujikuta wamepungua uzito kwa sababu wameacha kuokota vya kutafuna, na wapo wanaosema ni faida ya ziada. Wateja wangu wanaofunga wamenifundisha pia kwamba Ramadhani ndiyo mwezi alaina zinapokaa vizuri kuliko yote, mradi isiwe kuanzia futari mpaka daku ni kula bila kituo.

Kuna na mambo ya darasani. Siku tatu nne za mwanzo "s" na "z" zitakuwa na mluzi, na kidato cha pili hawatakuacha salama. Anza kipande cha kwanza Ijumaa jioni, usome gazeti kwa sauti Jumamosi na Jumapili. Na ukivua, weka kwenye kijaluba chake. Njia ya kwanza ya kupoteza alaina duniani ni kuifunga kwenye tishu mezani. Anayesafisha meza anatupa. Kila kipande ukikivaa usiku wa kwanza, usitupe kilichotangulia, kiweke. Ukipoteza kipya, cha zamani kinashikilia jino lisirudi hadi upate kingine.

Ukishaanza, kuna dalili mbili za kuangalia mwenyewe bila daktari. Kipande kipya kinapaswa kubana siku mbili tatu kisha kilegee. Kikiuma upya kila unapokivaa baada ya chakula, unakiacha nje mno, jino linarudi. Dalili ya pili ni ule uwazi kwenye ncha ya jino. Angalia kwa tochi ya simu. Ukiuona, usibadilishe kipande kwa sababu kalenda imesema. Baki hapo hapo, piga picha, tuma.

Waya nayo ina nidhamu yake, isipokuwa haimo kwenye saa. Inasukuma ukilala, ukifundisha, ukisahau kwamba ipo. Nidhamu yake ni mswaki na safari. Kuzunguka kila kibati chakula hunasa, na ukoga ukikaa hapo bila kusuguliwa, ndani ya wiki nne tu enameli inaweza kuanza kupauka. Siku vibati vinapotolewa, meno yamenyooka lakini kila moja lina fremu nyeupe kama chokaa, na fremu hiyo haifutiki yote. Nimewahi kumfunga waya kijana aliyepotea miezi 5; aliporudi nilitoa vibati vyote bila kumaliza kunyoosha, kwa sababu enameli ilikuwa inakwenda. Kwa hiyo ni mswaki baada ya kila mlo, dakika tatu, ukiulaza kuelekea fizi juu ya kibati, kisha kuelekea ncha chini ya kibati, na kijiburashi chembamba cha kupita chini ya waya. Dawa ya meno iwe yenye floraidi, na usiku usisukutue kwa maji mengi baada ya kutema, iache ifanye kazi.

Vya kuacha ni muwa wa kung'oa kwa meno, mahindi ya kuchoma kwenye gunzi, mifupa, barafu na embe bichi la kuuma. Mahindi yapukuchue, embe likate. Ugali, samaki, maharage, hakuna tatizo. Migebuka iliyokaushwa ikawa ngumu, iloweke kwanza. Vile vimpira vinavyofunga waya, ukichagua vyeupe, mchuzi wa mawese na binzari utavigeuza manjano kwa wiki moja. Chagua rangi ya kijivu. Kibati kikibanduka, jino hilo linabaki bila dereva, na kila wiki inayopita ni wiki ya kurudia. Ncha ya waya ikichoma shavu, daktari yeyote wa meno hapo Kigoma anaweza kuikata. Usisafiri Dar kwa ajili ya hilo. Siku za mwanzo meza panadoli. Aspirini, diklofenaki na jamii yake nazuia, kwa kuwa zinaweza kupunguza ule ule uvimbe mdogo ambao mfupa unauhitaji ili jino lisogee.

Sasa fedha, na nitatumia takwimu zako. Waya ni milioni 3. Kwa hali kama uliyoeleza ni miezi 10 hadi 12, na waya hukazwa au kubadilishwa kila wiki 6 hivi. Kuanzia kupimwa hadi kutolewa, hesabu safari 10. Mara laki mbili na nusu, ni milioni 2 na nusu. Jumla milioni 5 na nusu, na siku zisizopungua 30 za ruhusa kazini kama unakwenda kwa treni au basi. Alaina ni milioni 6 na nusu. Safari ni ya kupimwa, ya kubandikwa vinundu na kusuguliwa, mbili za katikati, moja ya raundi ya pili, moja ya kumaliza. Ni sita, milioni 1 na nusu. Jumla milioni 8. Tofauti uliyotajiwa dukani ilikuwa milioni 3 na nusu. Ukiweka barabara imeshuka hadi 2 na nusu. Si ndogo kwa mshahara wa mwalimu, lakini si ile uliyodhani.

Hesabu hiyo inasimama ikiwa bei zako zina kila kitu ndani, na hapo ndipo watu wanapoumia. Uliza kwa maandishi: milioni 6 na nusu ina raundi ya pili ndani yake, au inalipiwa upya? Kipande kikipotea ni kiasi gani? Picha za eksirei na vipimo vya kinywa vimo? Ritena, yaani vifaa vya kushikilia meno yasirudi baada ya tiba, zimo, kwa juu na chini? Kwa upande wa waya uliza kibati kikibanduka kinalipiwa, na milioni 3 ni ya vibati vya chuma au vya rangi ya jino. Hivi vya mwisho ni vya kauri, vinaonekana kwa shida ukiwa hatua mbili kutoka kwa mtu, na huongeza bei lakini si kwa kiwango cha alaina. Nashangaa mara ngapi mtu anachagua kati ya chuma na plastiki bila kuambiwa kwamba kauri ipo.

Na usishawishike na wanaotuma vifaa kwa posta bila mtu kukuangalia kinywa. Kampuni kubwa ya Marekani ya biashara hiyo, SmileDirectClub, ilifunga milango Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya tiba wakaachwa hapo walipofikia. Zile bresi za urembo zinazouzwa mitandaoni, na mpira mmoja wa saizi zote wa kuuma usiku, sizitolei maelezo zaidi ya kusema usiviweke kinywani.

Ukinibana niseme ningechagua nini kwa ajili yako, kwa maelezo haya na bila picha, ningefunga waya ya kauri juu na chini. Sababu ni lile lililojisokota na zile chai tano. Lakini ningebadili neno langu kwa urahisi. Kama jino lililojisokota ni lile la kwanza, pana, kama wewe si mtu wa kula kula, na kama mkuu wako wa shule hawezi kukupa ruhusa kila wiki sita, alaina ni tiba nzuri kwako na hiyo milioni 2 na nusu itakuwa imenunua siku zako za kazi. Kabla ya kulipa, jijaribu kwa gharama ya sifuri: kwa siku 14 andika kila saa na dakika kitu kisicho maji kinapoingia kinywani, mpaka unapomaliza kupiga mswaki. Wastani ukiwa chini ya saa 2 na nusu bila kujilazimisha, unaweza kujibana hadi mbili. Ukiwa saa 4, chukua waya.

Jambo ambalo pengine hukutajiwa Dar ni ritena. Njia yoyote utakayochagua, nyuzi zinazozunguka mzizi zinakumbuka mahali pa zamani kwa muda mrefu, zile za karibu na fizi hadi mwaka na zaidi, na jino lililosokotwa ndilo linalorudi kwa ukaidi kuliko yote. Chini ningekubandikia kiwaya chembamba nyuma ya meno, chonge hadi chonge, kisichoonekana. Juu ningekupa ritena ya plastiki: miezi 3 hadi 6 mchana na usiku, baadaye kila usiku, miaka yote unayotaka meno yabaki hapo. Itachakaa, utalipia nyingine baada ya miaka michache. Weka hiyo kwenye bajeti leo. Nimeona meno ya milioni kadhaa yakirudi yalikotoka kwa sababu ritena ilisahaulika gesti.

Nitumie picha tano, mchana, dirishani: meno yakiwa yameumana kutoka mbele, kulia na kushoto, huku mtu akikuvuta shavu kwa mpini wa kijiko, kisha upinde wa juu na wa chini, kinywa wazi, kijiko kikiwa kioo. Ongeza ile ya kidato cha nne, na ile karatasi ya siku 14 ya vyakula. Kipimo cha fizi kifanyike Kigoma kabla hujakata tiketi.